Ratiba ya mgawo imetoka: Isome hivi, kisha panga friji la nyumbani

Ujumbe ulipita Alhamisi jioni kwenye grupu la WhatsApp la mtaa: "Kesho Ijumaa, 08:00–20:00, hakutakuwa na umeme. Maeneo: sokoni, shule ya msingi, msikitini na maeneo jirani." Mama wa nyumba aliusoma harakaharaka huku akikoroga uji. Macho yake yaliona nane, akili ikaelewa saa nane. Akajiambia asubuhi yote ni yake, atapiga pasi, atagandisha maji, atachemsha maziwa.

Saa mbili kamili asubuhi, pasi ikiwa imeshapata moto juu ya kanzu ya baba ya sala ya Ijumaa, umeme ukakata. Mama alisonya, akaiacha pasi palepale mezani, akamkabidhi mtoto wa miezi mitano kwa bibi yake, akawahi daladala. Saa tano umeme ulirudi kwa dakika chache. Bibi, aliyekuwa ukumbini na mjukuu, alisikia harufu ya nguo inayoungua.

Nyumba hii ni ya mfano, iweke Tabata, jijini Dar es Salaam. Ina baba, mama, watoto watatu na bibi anayetumia dawa ya kisukari. Kila kilichoipata siku hiyo hutokea mara kwa mara katika nyumba za kawaida, na karibu chote kingeweza kuepukwa kwa kuusoma ule ujumbe mara mbili. Wiki iliyofuata ujumbe kama ule ulipokuja tena, nyumba hiyohiyo ilijipanga vingine.

Saa ya nani?

Kosa la kwanza lilikuwa la saa. Ratiba nyingine huandikwa kwa saa zetu za Kiswahili, "saa 2:00 asubuhi hadi saa 2:00 usiku", na hizo hazina shida. Zenye shida ni zile zinazoandikwa kwa mtindo wa simu: 08:00, 14:00, 20:00. Hapo toa sita. Ukitoa sita kwenye 08:00 unapata saa mbili asubuhi. Kwenye 14:00 unapata saa nane mchana. Kwenye 18:00 na kuendelea, toa sita kwanza, na ukizidi kumi na mbili toa kumi na mbili nyingine, hivyo 20:00 ni saa mbili usiku. Kwa saa zilizo chini ya 07:00 ongeza sita badala ya kutoa, ndiyo maana 02:00 ni saa nane usiku.

Mtego mkubwa zaidi ni 00:00. Kwa wengi, usiku wa saa sita Ijumaa ni ule unaofuata baada ya mchana wa Ijumaa. Kwenye karatasi iliyoandikwa kwa saa za simu, Ijumaa 00:00 ni usiku wa kuamkia Ijumaa, yaani watu wakiwa wamelala baada ya mchana wa Alhamisi. Aliyekosea hapo amejiandaa usiku mzima mmoja akiwa amechelewa. Njia salama ni kuuandika upya ujumbe kwa maneno kamili kabla ya kuusambaza kwa ndugu: "kuanzia saa mbili asubuhi kesho hadi saa mbili usiku". Dakika moja inatosha kwa kazi hiyo.

Kwa nini jirani anao?

Kosa la pili huzaa ugomvi kila mgawo unapokuja. Mtaa umetajwa, lakini ng'ambo ya barabara taa zinawaka. Wengine huamini kuna mkubwa anaishi kule. Huenda, lakini sababu ya kawaida iko juu ya nguzo.

Umeme hautolewi kwa mtaa, unatolewa kwa njia. Ukitoka kwenye mitambo husafiri kwenye nyaya kubwa za gridi hadi kituo cha kupoza umeme, ambako nguvu yake hupunguzwa. Kutoka kituoni huondoka njia kadhaa za usambazaji, mara nyingi za kilovolti 33 au 11, ambazo mafundi wa Tanesco huziita fida. Kila fida hupita inakopita: yaweza kuchukua upande wa kulia wa barabara, ikaruka uwanja, ikamalizia mtaa wa tatu. Juu yake zimening'inizwa transfoma, na transfoma ndiyo inayokuletea nyumbani umeme wa volti 230. Upungufu ukitokea, anayeongoza mgawo huzima fida nzima kwa swichi moja pale kituoni. Hachagui nyumba, na hata mtaa hachagui. Fida yenye hospitali au mtambo wa kusukuma maji inaweza kuachwa ikiwaka, na waliobahatika kuishi kando yake wakafaidi bila kumjua mtu yeyote.

Kwa hiyo swali la kuuliza si "mtaa wetu umetajwa?" bali "nyumba yetu iko fida gani?" Maneno "na maeneo jirani" kwenye tangazo hayalijibu. Namna rahisi ni kuuliza ofisi ya Tanesco ya wilaya, au kupiga namba yao ya bure 180, ukiwa na namba ya mita ya Luku mkononi. Ikishindikana, kalenda ya ukutani hufanya kazi nzuri kuliko inavyodhaniwa. Andika siku na saa umeme ulipokata na uliporudi, na pembeni taja alama za mitaa mingine iliyokatika pamoja nanyi. Baada ya mara nne au tano utaona kwamba nyumba yenu huzimika pamoja na sokoni kila mara, na pamoja na shule hata siku moja. Kuanzia hapo, tangazo likitaja soko ni lenu, likitaja shule si lenu hata kama shule iko karibu zaidi.

Inafaa pia kujua ni katizo la aina gani, kwa sababu kila aina ina tabia yake. Mgawo huja pale mitambo inapozalisha pungufu ya mahitaji. Nchi hii imeupitia mara kadhaa, ikiwamo mwaka 2006, mwaka 2011, na tena mwishoni mwa 2023 hadi mwanzoni mwa 2024, kabla mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji haujaanza kuingiza umeme Februari 2024. Bwawa hilo lina mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja. Ndiyo maana wengi hushangaa: bwawa tunalo, mbona tunakatiwa? Kwa sababu megawati za Rufiji haziponyi transfoma iliyochoka mtaani kwako. Matangazo mengi yanayofika kwenye simu si ya mgawo, ni ya matengenezo: kubadili nguzo, kukata matawi, kuongeza transfoma. Hayo huwa ya mchana, na mara nyingi kazi humalizika kabla au baada ya muda ulioandikwa. Aina ya tatu ni hitilafu, ambayo haina tangazo wala ratiba. Usiku wa kuamkia Aprili 1, 2024, hitilafu kwenye gridi iliwaacha watu gizani karibu nchi nzima, na hapo hakuna kalenda ambayo ingesaidia.

Na kabla ya kulaumu yeyote, tazama nje. Majirani wote wakiwa na taa na wewe peke yako gizani, angalia uniti za Luku, kisha swichi kuu na sakiti breka. Nusu ya mtaa ikiwaka na nusu haiwaki, au taa zenu zikiwaka kwa rangi ya machungwa hafifu, huenda fezi moja imepotea. Hilo si mgawo, ni la kuripoti, na friji litolewe kwenye soketi palepale. Kompresa inayojaribu kuanza kwa umeme mdogo huunguruma, hupata moto na huishia kuungua. Ukisikia friji likinguruma kwa muda mfupi, likanyamaza, likajaribu tena, hiyo ndiyo dalili.

Barafu iandaliwe usiku

Wiki ya pili, ujumbe ulisema Ijumaa tena, muda uleule. Safari hii mama aliusoma vizuri, akahesabu: saa kumi na mbili bila umeme. Hesabu hiyo ndiyo inayoamua friji litapangwaje.

Sehemu ya chini ya friji lililofungwa muda wote huhifadhi ubaridi salama kwa takriban saa nne. Friza iliyojaa, mlango usipofunguliwa, hubaki imeganda hadi saa 48. Ikiwa nusu tupu, takriban saa 24. Hizo ni hesabu za friji zima na mlango unaobana. Mpira wa mlango ukiwa umelegea, na jikoni kukiwa na joto la Dar la mwezi wa pili, zipunguze. Kile kifriza kidogo kilicho ndani ya friji la mlango mmoja hakihesabiwi kabisa kama friza, kwa kuwa kila ukifungua friji umekifungua na chenyewe nusu.

Maana yake ni kwamba katizo la saa kumi na mbili si tishio kwa nyama iliyo ndani ya friza iliyojaa. Ni tishio kwa kilicho chini: maharage ya nazi, maziwa, wali wa jana, samaki waliotolewa wayeyuke kwa ajili ya jioni. Watu wengi huhangaikia friza, wakaifungua kila saa kuangalia kama nyama imeanza kutoa maji, na kwa kuifungua wanaiyeyusha.

Alhamisi saa moja jioni mama alijaza maji chupa nne za lita moja na nusu, akaacha nafasi ya vidole vitatu juu kwa sababu maji yakiganda hutanuka, akazilaza kwenye friza. Friza ya nyumbani huhitaji usiku kucha kugandisha chupa kama hizo hadi katikati, kwa hiyo anayeanza asubuhi ya katizo amechelewa. Faida ya barafu ni kubwa kuliko ya maji ya baridi. Kilo moja ya barafu, ili iyeyuke tu, hunyonya joto ambalo lingetosha kupandisha lita moja ya maji kutoka nyuzi 0 hadi nyuzi 80. Joto hilo lote linatoka ndani ya friji badala ya kwenda kwenye maziwa.

Saa moja na nusu asubuhi, umeme ukiwa bado upo, alihamisha chupa mbili kutoka friza na kuziweka rafu ya juu ya friji, kwa kuwa ubaridi hushuka. Mbili zilibaki friza kuziba nafasi. Vilivyo vya kuliwa mchana vilitolewa kwenye rafu mbalimbali vikawekwa pamoja kwenye sinia moja mbele kabisa, ili mlango ufunguliwe mara moja tu. Wali wa jana haukurudishwa ndani, uliliwa asubuhi na chai. Kisha aliweka kitu kimoja zaidi: kikombe cha maji yaliyoganda chenye sarafu juu ya barafu, ndani ya friza. Sarafu ikikutwa juu, friza haikuyeyuka. Ikikutwa chini ya kikombe, maji yaliyeyuka yote na kuganda tena, hata kama kila kitu sasa kinaonekana kigumu kama jiwe. Kwa familia inayosafiri wikiendi na kurudi bila kujua umeme ulikatika saa ngapi, kikombe hicho hakina mpinzani.

Saa sita mchana bibi alifungua friji mara moja, akatoa sinia, akafunga. Chakula cha mchana kilikuwa maharage ya nazi na mboga, vyote vikachemshwa upya hadi kutokota, na kilichobaki hakikurudi frijini. Kuchemsha kuna mpaka wake, na hapa ndipo familia nyingi hujiponza. Moto huua vijidudu, lakini baadhi ya vijidudu vikishakaa kwenye chakula kwa saa nyingi huacha sumu ambayo moto hauiondoi. Wali uliolala mezani ndio mfano unaojulikana zaidi. Ukipashwa mpaka utoe mvuke bado unaweza kumtapisha mtoto. Harufu pia si mwamuzi, maana chakula chenye vijidudu vya kuumiza kinaweza kunukia vizuri tu. Kipimo ni muda: nyama, samaki, maziwa, chakula kilichopikwa au chenye nazi kikishakaa zaidi ya saa mbili kikiwa na uvuguvugu, yaani juu ya nyuzi 4 au 5, kisiende kwa mtoto.

Orodha ya visivyo na shida ni ndefu kuliko wengi wanavyofikiri. Mayai mabichi, ambayo hata dukani hayakai kwenye baridi. Nyanya, vitunguu, karoti, matunda ambayo hayajakatwa, siagi ya mkate, jemu. Vyote hivyo vinaweza kutolewa nje kabla umeme haujakatwa, ili kusiwe na sababu ya mtoto kufungua friji akitafuta embe.

Maziwa ya mtoto na dawa ya bibi

Mtoto wa miezi mitano alikuwa anaachiwa maziwa ya mama yaliyokamuliwa. Katika chumba kisichozidi nyuzi 25, maziwa hayo hukaa salama hadi saa nne. Dar es Salaam vyumba vingi hupita nyuzi hizo mchana, kwa hiyo busara ni kuhesabu pungufu. Frijini hukaa hadi siku nne. Ndani ya boksi la barafu lililofungwa vizuri, yakiwa yamegusana na chupa zilizoganda, hukaa hadi saa 24. Hilo la mwisho ndilo lililoiokoa nyumba ya Tabata. Vikombe vitatu vyenye vifuniko vilivyokamuliwa alfajiri viliwekwa kwenye boksi dogo pamoja na moja ya chupa za friza, boksi likakaa chini ya meza ya bibi, na friji halikuguswa kwa ajili ya mtoto hata mara moja.

Yale yaliyogandishwa friza yana kanuni yake. Yakikutwa yameanza kuyeyuka lakini bado yana vipande vya barafu ndani, yanaweza kugandishwa tena. Yakikutwa yameyeyuka yote ila bado ni ya baridi, yahamishiwe frijini na yatumike kabla siku inayofuata haijaisha. Yakiwa na uvuguvugu, yamwagwe. Inauma kuyamwaga, kila mama aliyekamua anajua, lakini hayana tiba.

Dawa ya bibi ni insulini. Hapa kosa la kawaida si joto, ni baridi. Mwenye hofu ya katizo huichukua chupa ya dawa na kuitupia friza au kuilaza juu ya barafu, na insulini iliyoganda huharibika hata ikiyeyuka na kuonekana vilevile. Ukweli ni kwamba chupa ambayo tayari inatumika, kwa aina nyingi za insulini, inaweza kukaa nje ya friji takriban wiki nne mradi joto lisizidi nyuzi 30 na jua lisiifikie. Karatasi iliyo ndani ya kasha la dawa hutaja idadi kamili ya siku kwa aina hiyo. Kwa hiyo saa kumi na mbili bila friji si dharura kwa chupa iliyofunguliwa. Akiba isiyofunguliwa ndiyo inayohitaji friji, nayo ibaki rafu ya katikati, mbali na chupa za barafu.

Nyumba isiyo na friji kabisa, au yenye makatizo ya kila siku, ina mtungi. Chupa ya dawa huwekwa ndani ya mfuko usiopitisha maji, ikatiwa ndani ya chungu kikavu, na chungu hicho kikatumbukizwa ndani ya mtungi mkubwa wenye mchanga au maji, uliofunikwa kwa kitambaa kibichi, kivulini penye upepo. Maji yanapopenya udongo na kukauka huondoka na joto. Njia hii hufanya kazi vizuri zaidi Dodoma au Singida, kwenye hewa kavu, kuliko Dar es Salaam au Tanga ambako hewa imejaa unyevu na maji hayakauki upesi. Insulini ambayo kwa kawaida ni angavu ikikutwa na ukungu, itupwe. Zile ambazo kwa asili ni nyeupe kama maji ya mchele hukaguliwa kwa kuzungushwa taratibu. Zikibaki na mabonge au chembe zilizoganda kwenye kioo, nazo zimeharibika.

Umeme unaporudi

Watu wakilalamika kuwa mgawo umeunguza televisheni, mara nyingi televisheni iliungua wakati umeme ukirudi. Fida iliyozimwa saa kumi na mbili inapowashwa hukuta friji zote za mtaa zikiwa za moto, pampu zote zikiwa wazi, pasi na feni zote zikisubiri. Vyote huanza kwa mpigo. Mzigo huo huwa mkubwa kuliko wa kawaida, na njia inaweza kujizima yenyewe kwa kujilinda. Inawashwa tena, inazima tena. Mtaani watu hupiga kelele ya shangwe, kisha ya masikitiko, kisha ya shangwe. Kila mzunguko wa namna hiyo nguvu ya umeme hupanda na kushuka, na vifaa vilivyoachwa kwenye soketi ndivyo hupokea kipigo.

Kwa hiyo saa mbili kasoro dakika kumi asubuhi, baba alipita chumba kwa chumba. Pasi ilitolewa kwenye soketi, si kuzimwa tu. Televisheni, redio, birika, feni na friji vilifuata. Bomba la jikoni lilifungwa, kwa sababu nyumba zenye pampu hukuta sakafu imefurika pale maji yanaporudi na umeme. Taa moja tu ya ukumbini iliachwa swichi yake chini, iwe ishara.

Friji lina sababu yake ya ziada ya kusubiri. Kompresa inapozimika, gesi ndani ya mabomba hubaki na mgandamizo mkubwa upande mmoja na mdogo upande mwingine, na huchukua dakika kadhaa kusawazika. Ukiiwasha kabla ya hapo inalazimika kusukuma mzigo uliokwisha kukaza. Kile kifaa kinachouzwa kwa jina la friji gadi kinafanya kazi mbili: hukata umeme ukiwa mdogo au mkubwa kupita kiasi, na huchelewesha kuwaka kwa dakika chache. Si lazima. Mkono wa mtu na subira ya dakika kumi hufanya kazi ileile, mradi kuna mtu mzima nyumbani.

Ratiba ilisema saa mbili usiku. Ilipofika saa mbili hakukuwa na umeme, na watoto wakaanza kulalamika joto. Saa za jioni, kuanzia saa moja hadi saa nne hivi, ndizo ambazo nchi nzima hupika, huwasha taa na kuangalia taarifa ya habari, kwa hiyo mgawo unaoisha saa hizo ndio unaochelewa zaidi. Anayepanga aweke saa moja au mbili za ziada, hasa kwenye chakula cha jioni. Bibi alitaka jiko la mkaa liingizwe ndani kwa sababu ya mvua. Baba alikataa, likawekwa barazani chini ya bati. Mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, ambayo humlaza mtu kwa kichwa kuuma na usingizi na asiamke. Jenereta ni hivyohivyo, hata likiwekwa koridoni. Mshumaa nao haukupelekwa chumbani kwa watoto, kwa kuwa chandarua kikishika moto huisha kwa sekunde. Taa ya simu iliyochajiwa tangu usiku wa jana ilitosha.

Saa mbili na dakika 50 taa ya ukumbini iliwaka, ikazima, ikawaka. Watoto walikimbilia televisheni, wakazuiwa. Saa tatu na dakika tano, mwanga ukiwa umetulia, friji liliwashwa. Baadaye mama alikumbuka kuingiza tokeni ya Luku aliyoinunua mchana kwa simu. Mita nyingi hazipokei namba wakati hakuna umeme, kwa hiyo zile tarakimu 20 zilikuwa zimebaki kwenye ujumbe zikisubiri, na ujumbe huo haukutakiwa kufutwa.

Sarafu ilikuwa juu ya barafu. Nyama ilikuwa ngumu. Kule chini chupa mbili zilikuwa zimekwisha kuwa maji, bado ya baridi ya kumfanya mtu ashtuke akizigusa, na maziwa fresh ya ng'ombe yaliyokuwa kando yake yalichemshwa usiku uleule yakanywewa. Kilichopotea ni vipande viwili vya samaki ambavyo mtoto wa pili alivitoa saa kumi jioni akitafuta maji ya kunywa, akavisahau juu ya meza. Bibi alisema wakaangwe sana, wataliwa. Mama alihesabu: tangu saa kumi hadi saa tatu usiku, saa tano kwenye joto. Samaki walikwenda kwenye pipa la taka, na kwenye kalenda ya ukutani, pembeni ya Ijumaa, akaandika: "Pamoja na sokoni. Umerudi 2:50 usiku."